169.254: anwani ambayo ruta haikuitoa

Ukikuta kompyuta yako imeandika anwani ya IP inayoanza na 169.254, usikimbilie kumpigia mtoa huduma wa intaneti. Karibu kila mara hana la kukusaidia. Anwani hiyo haikutoka kwake, wala haikutoka kwenye ruta iliyoko sebuleni au mapokezi. Kompyuta imejipa yenyewe, baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuipatia.

Watu wengi huichukulia namba hii kama alama ya "mtandao mbovu", basi. Mimi naiona kama taarifa sahihi kabisa, kwa sababu ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba kuna kitu kinafanya kazi: kebo imeshika, au waifai imeunganika. Kompyuta haijishughulishi kujipa anwani kwenye tundu lisilo na kebo. La pili ni kwamba mazungumzo mafupi kati yake na ruta, yale yanayoitwa DHCP, hayakufika mwisho. Kwa hiyo kosa lipo katikati ya vitu hivyo viwili. Kazi inayobaki ni kujua mazungumzo yalikatikia wapi.

Yenyewe ni mafupi, hatua nne tu, na yameandikwa kwenye waraka wa RFC 2131 wa mwaka 1997. Kifaa kipya hakijui ruta iko wapi na hakina anwani, hivyo kinapaza sauti kwa wote waliomo kwenye mtandao. Kinatuma DHCPDISCOVER kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, maana yake "kuna mtu wa kunipa anwani hapa?" Seva ya DHCP, ambayo majumbani na kwenye ofisi ndogo huwa ndani ya ruta, inajibu kwa DHCPOFFER ikitaja anwani iliyo tayari kuitoa. Kifaa kinarudi na DHCPREQUEST, kinasema nimeikubali hiyo. Seva inamalizia kwa DHCPACK, na hapo ndipo anwani inakuwa halali, pamoja na anwani ya ruta, seva za DNS na muda wa kuikodi. Kabla ya DHCPACK kufika, kifaa hakina haki ya kutumia chochote kilichotajwa.

Kama DHCPACK haiji, mifumo mingi haikai mikono mitupu. Windows imekuwa ikijipa anwani hivi tangu Windows 98, na mwaka 2005 utaratibu wenyewe ukaandikwa rasmi kwenye RFC 3927. Kifaa kinachagua namba kwa bahati nasibu kati ya 169.254.1.0 na 169.254.254.255, kinawauliza majirani kwa ARP kama kuna anayeitumia, na kisiposikia jibu kinaichukua. Kwa kawaida bahati nasibu hiyo huanzia kwenye anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, ndiyo maana kompyuta ileile huweza kurudi na namba ileile kila inapokosa. Usipoteze muda kutafuta maana ya tarakimu za mwisho. Hazisemi lolote kuhusu ruta.

Kwenye Windows, amri ya `ipconfig` itakuonyesha kitu cha namna hii:

```
Autoconfiguration IPv4 Address. . : 169.254.83.107
Subnet Mask . . . . . . . . . . . : 255.255.0.0
Default Gateway . . . . . . . . . :
```

Angalia mstari wa mwisho: hauna kitu. Anwani imepatikana, ila mlango wa kutokea haupo, na ruta haziruhusiwi kupitisha paketi za 169.254 kwenda mtandao mwingine. Kompyuta mbili zilizojipa anwani hizi kwenye swichi moja zinaweza kabisa kutumiana mafaili, na printa iliyokosa anwani inaweza kuchapa kazi ya laptopu iliyokosa pia. Intaneti ndiyo hazitaiona. Simu za Android kwa kawaida hazijipi anwani ya aina hii kwenye waifai. Zinabaki zikizunguka kwenye hatua ya kutafuta IP, kisha zinakata tamaa, na tatizo linakuwa lilelile kwa sura nyingine. Kuna pia anwani zinazoanza na `fe80`, ambazo huwatisha watu bure. Hizo ni za IPv6, na kila kifaa kinachotumia IPv6 huwa nazo hata mtandao ukiwa mzima. Hazithibitishi kosa lolote.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Kuna nyumba ya wageni mjini Morogoro ninayoihudumia: vyumba 22 kwenye ghorofa mbili, ruta moja mapokezi, na kisambaza waifai kimoja kila ghorofa. Alhamisi moja jioni dada wa mapokezi alinipigia.

"Fundi, shikamoo. Mtandao umegoma tena. Wageni wa chini wanapata, wa juu hawapati kabisa."

"Marahaba. Wa juu wanaiona waifai?"

"Wanaiona, wanaweka nywila, inakubali. Halafu hakuna kitu."

Jibu lile lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Kwenye waifai yenye ulinzi wa WPA2, nywila ikikosewa kifaa hakiunganiki kabisa, kwa hiyo hakifiki hata hatua ya kuomba anwani. Nywila ikikubaliwa na bado ikaja 169.254, ujue mlango wa kwanza umepitwa na kazi imekwama kwenye DHCP. Enzi za WEP, ulinzi wa waifai uliotangulia, haikuwa hivyo. Ufunguo ungeweza kuwa wa uongo na kifaa kikaonekana kimeunganika, kumbe kila paketi inatupwa, na matokeo yake yanakuwa 169.254. Kama bado una kisambazaji cha zamani kinachotumia WEP, kumbuka hilo, na ukiondoe kwa sababu nyingine nyingi pia.

Maelezo ya juu na chini yalielekeza kidole kwenye kisambaza waifai cha ghorofa ya juu, na ni mahali pa haki pa kuanzia. Nilipanda na laptopu yangu, nikaunganika, ikaja 169.254.83.107. Nikashuka mapokezi, nikaunganika na kisambazaji cha chini, ikaja ileile. Pembeni yangu mgeni alikuwa anaangalia video kwenye simu yake bila shida, kisambazaji kilekile, mita chache kutoka kwenye ruta. Ghorofa ikawa haina hatia. Nikamuuliza dada wa mapokezi wageni wa juu waliingia lini. Kikundi cha semina, wamefika mchana wa siku ileile. Na wa chini? Wengine wana siku tatu, wengine nne.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli: waliokwisha kuwemo wanaendelea, wanaoingia wanakosa. Kifaa chenye anwani kinaomba kuongezewa muda nusu ya muda wake inapofika, na ombi hilo kinalipeleka moja kwa moja kwa seva inayokijua. Windows huenda mbali zaidi. Ikiwa bado ina anwani yenye muda halali na seva ya DHCP haijibu, inaipigia ruta `ping`, ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo, na ruta ikiitikia inaendelea na anwani yake ya zamani bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo laptopu ya Windows yenye 169.254 inatuambia kwamba haikuwa na anwani halali mfukoni, au kama ilikuwa nayo, ruta yenyewe haikuitika. Ukiwa na vifaa vya zamani vinavyodunda na vipya vinavyokwama, anza kushuku kwamba fungu la anwani ambazo ruta imewekewa kugawa limekwisha.

Kushuku hakutoshi, lazima upime. Kipimo cha kwanza ninachokipenda ni kujipa anwani kwa mkono. Mtandao ule ulikuwa wa 192.168.0.0, ruta ikiwa 192.168.0.1, na ruta ilikuwa ikigawa kuanzia 192.168.0.100 hadi 192.168.0.199. Nikachagua 192.168.0.50, iliyo nje ya fungu na isiyo na mwenyewe, nikaweka barakoa ya mtandao, ile Subnet Mask, ya 255.255.255.0, ruta 192.168.0.1, kisha nikapiga `ping 192.168.0.1`. Majibu yakarudi palepale, na tovuti zikafunguka. Kipimo hiki kidogo kinafagia nusu ya watuhumiwa. Redio iko sawa, kebo kati ya kisambazaji na ruta iko sawa, ruta inapitisha paketi, na mtoa huduma analeta intaneti. Kilichobaki ni DHCP peke yake. Kama `ping` ingekaa kimya, ningeelekea upande mwingine: tundu la swichi lililowekwa kwenye VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa, isiyo yake, kebo iliyochomolewa nyuma ya kisambazaji, au kisambazaji kinachorusha jina la waifai huku kimekatika na ruta. Hali hiyo ya mwisho nimeikuta mara nyingi kuliko zote, kwa sababu kisambazaji hakihitaji ruta ili jina lake lionekane kwenye simu. Tahadhari moja tu: ruta nyingine zimezimwa zisijibu `ping`, kwa hiyo angalia pia kama `arp -a` inaonyesha MAC ya ruta. Ikionekana, mnafikiana.

Kipimo cha pili ni kusikiliza mazungumzo yenyewe. Niliirudisha laptopu kwenye kuomba anwani kwa DHCP, nikafungua Wireshark, programu ya kunasa paketi zinazopita, na kuchuja kwa `udp.port == 67 or udp.port == 68`, maana seva husikiliza mlango wa 67 na kifaa mlango wa 68. Nikaitisha `ipconfig /renew`. Nilichokiona ni hiki, safu ya kushoto ikiwa sekunde:

```
 0.0  0.0.0.0 -> 255.255.255.255  DHCP Discover
 4.3  0.0.0.0 -> 255.255.255.255  DHCP Discover
12.1  0.0.0.0 -> 255.255.255.255  DHCP Discover
28.6  0.0.0.0 -> 255.255.255.255  DHCP Discover
```

Kimya kitupu upande wa pili. Tazama nafasi kati ya mstari na mstari: kama sekunde 4, kisha 8, kisha 16. Ndivyo waraka ule wa DHCP unavyoelekeza, kila kusubiri kuwe mara mbili ya kule kulikotangulia, pamoja na sekunde moja ya kuongeza au kupunguza ili vifaa vingi visipige kelele kwa pamoja umeme unaporudi. Kwa hiyo laptopu ilikuwa inafanya kazi yake kwa adabu zote, na Offer haikuja hata moja.

Mahali mistari inapokomea ndipo penye ushahidi. Discover bila Offer ina maana moja kati ya tatu: ombi halifiki kwa seva, seva imezimwa, au seva inasikia lakini haina cha kutoa. La tatu huwachanganya watu kwa sababu wanategemea ruta iseme "zimekwisha". Haisemi. DHCP haina ujumbe wa kumwambia mwombaji mpya kwamba fungu limekauka, na seva isiyo na anwani inanyamaza tu. Kungekuwa na Offer na Request kisha DHCPNAK, ningeangalia seva inayokataa, pengine kwa sababu kuna ruta mbili zinazogawa anwani kwenye mtandao mmoja. Na Offer ikionekana ndani ya Wireshark huku kompyuta ikijifanya haijaiona, kosa liko ndani ya kompyuta yenyewe. Wireshark huiona paketi kabla ngome ya kompyuta, yaani firewall, haijaigusa, kwa hiyo programu ya ulinzi inaweza kuwa inaitupa.

Kwa kuwa kipimo cha kwanza kilikwisha kuonyesha njia iko wazi, nilibakiwa na maelezo mawili tu: seva imezimwa au imekaukiwa. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya orodha ya wateja wa DHCP. Huduma ilikuwa imewashwa. Orodha ilikuwa na mistari 100, na fungu lilikuwa la anwani 100. Nikaangalia safu ya muda uliobaki, nikakuta vifaa vya siku 4, siku 5, hata siku 6. Aliyeifunga ruta alikuwa ameweka muda wa kukodi dakika 10080, yaani siku saba kamili.

Fanya hesabu ya nyumba ya wageni. Mgeni analala usiku mmoja, ana simu na mara nyingi laptopu, anaondoka asubuhi. Simu haiagi. Ujumbe wa kurudisha anwani upo, unaitwa DHCPRELEASE, lakini simu inayotoka getini ikiwa kwenye mfuko wa suruali haiutumi. Ni sawa na mgeni aliyeondoka na ufunguo: chumba kiko tupu, ila kwenye daftari la mapokezi bado kina mtu hadi wiki iishe. Kwa vifaa 30 vipya kwa siku, fungu la 100 linajaa siku ya nne, hata kama usiku ule waliomo ndani ni 40 tu. Kikundi cha semina kilifika wakati huo, kikapangwa juu kwa sababu ndiko kulikokuwa na vyumba, na tatizo la siku likavaa sura ya tatizo la ghorofa.

Nilipoendelea kuisoma orodha ile nikaona kitu kingine. MAC nyingi zilikuwa na 2, 6, a au e kwenye tarakimu ya pili, mfano `5a:31:…` au `d6:0f:…`. Hizo ni MAC zilizotengenezwa na simu yenyewe kwa ajili ya faragha, jambo ambalo Android na iPhone zinalifanya bila kuulizwa tangu matoleo ya 2019 na 2020. Kwa kawaida simu hubaki na MAC moja kwa jina moja la waifai, kwa hiyo haijazi fungu peke yake. Lakini simu iliyowekwa mpangilio wa kubadilisha MAC mara kwa mara itaonekana kwa ruta kama mgeni mpya kila inapobadilika, na kila sura yake itashikilia anwani yake kwa siku saba. Muda mrefu wa kukodi na simu za namna hii haviendani.

Hii inaeleza pia kwa nini dada wa mapokezi alisema "umegoma tena". Walikuwa na dawa yao: kuizima ruta na kuiwasha. Inafanya kazi, na ndiyo sababu ugonjwa ulidumu. Ruta nyingi ndogo huweka orodha ya DHCP kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, hivyo ikiwaka inajiona ina anwani 100 tupu. Baada ya siku chache zinajaa upya. Ukisikia mtandao unaopona kwa kuzimwa na kuugua tena kila baada ya siku kadhaa, na wanaoumia ni wageni wapya, uliza kwanza muda wa kukodi na ukubwa wa fungu.

Nilibadilisha mambo mawili. Muda wa kukodi nikaushusha hadi dakika 120, na fungu nikalitanua kutoka 192.168.0.20 hadi 192.168.0.250, anwani 231, nikihakikisha kwanza kwamba printa na visambaza waifai vyenye anwani za mkono viko chini ya 20. Meneja aliuliza kama muda mfupi hautachosha ruta au kukata video za wageni. Hautakata. Kifaa kilichopo kinaongezewa muda kila dakika 60 kwa paketi mbili ndogo, na kikijibiwa kinaendelea na anwani ileile bila mtumiaji kuona chochote. Kilichoondoka ndicho kinachoachia nafasi ndani ya saa mbili.

Si kila 169.254 ni fungu lililokauka, na kuna moja ya ofisini ambayo dalili yake ni tofauti kabisa. Kompyuta ya mezani inawashwa asubuhi, inapata 169.254, mwenyewe anaenda kunywa chai, akirudi imepona. Hapo tazama swichi. Swichi inayotumia spanning-tree ya kawaida huzuia tundu lililoamka kwa sekunde 30, sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, ili kujikinga na mzunguko wa kebo. Maombi ya kwanza ya kompyuta yanamezwa ndani ya sekunde hizo, na kompyuta inaweza kujipa anwani kabla tundu halijafunguka. Windows inarudia kuomba kila dakika tano, ndiyo maana inapona yenyewe wakati wa chai. Kwenye swichi za Cisco dawa ni `spanning-tree portfast` kwenye matundu ya kompyuta tu, kamwe si kwenye tundu linalokwenda swichi nyingine. Ukisubiri dakika tano ukaona imekaa sawa, yaelekea si fungu wala si seva.

Na yule mtoa huduma wa intaneti? Ruta ya nyumbani hugawa anwani hata waya wa nje ukiwa umekatwa. Intaneti ikikosekana lakini anwani ikisoma 192.168, hapo mpigie. Isipokuwa umechomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu isiyogawa anwani, maana hapo seva ya DHCP ni ya kwake, na 169.254 inaweza kuwa mzigo wake kweli.

Jambo la mwisho ni la yule anayekwenda kufuta orodha kwenye ruta yake usiku huu. Ukiifuta au kuizima ruta wageni wakiwa ndani, ruta inasahau, ila simu hazisahau. Simu yenye 192.168.0.120 itaendelea kuitumia, na ruta inaweza kuitoa 192.168.0.120 ileile kwa mtu mwingine. Kifaa kinachofuata utaratibu kitauliza kwa ARP, kitagundua ina mwenyewe, na kitairudisha kwa DHCPDECLINE. Ruta inaiweka anwani hiyo pembeni kama isiyofaa na kutoa nyingine. Visivyouliza vitagongana, na vyote viwili vitakuwa vinakatikakatika bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo nilitanua fungu kwanza nikaacha orodha ya zamani kama ilivyokuwa, ili anwani mpya zitoke kwenye sehemu ambazo hazijawahi kugawiwa. Kikundi cha juu kilipata anwani za kuanzia 192.168.0.20, na zile za siku saba zikaachwa ziishe zenyewe.